Ufanisi wa mfumo wa makapi

Ufanisi wa mfumo wa makapi ni uwiano kati ya kazi yenye manufaa inayotolewa na mfumo huo na kazi yote inayoingizwa na anayevuta kamba. Huandikwa kwa asilimia. Mfumo wenye ufanisi wa asilimia 80 hutumia sehemu 80 kati ya 100 za kazi kuinua mzigo uliokusudiwa, na sehemu 20 zilizobaki huishia kwenye msuguano na kwenye kuinua vitu ambavyo hakuna aliyevihitaji juu, kama ndoo, ndoano na kamba yenyewe.

Hakuna mfumo wa makapi unaofikia asilimia 100. Sababu si ubovu wa ufundi peke yake. Kapi lililotengenezwa vizuri hupunguza hasara, lakini haliwezi kuiondoa yote. Makala hii inaeleza jambo hilo kwa mfano wa kuinua mawe kutoka kwenye duara, yaani shimo la wima la wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mashimo ya namna hiyo hupatikana sehemu nyingi za Mkoa wa Mara nchini Tanzania, kama Kinyambwiga katika kata ya Guta karibu na mji wa Bunda, na Buhemba katika Wilaya ya Butiama.

## Kapi na sehemu zake

Kapi ni kifaa chenye gurudumu lenye mfereji ukingoni ambamo kamba hupita. Gurudumu hilo huitwa roda. Roda huzunguka juu ya ekseli, na ekseli hushikwa na fremu yenye ndoano. Katika vitabu vya shule kifaa chote huitwa pia roda au puli. Mabaharia wa pwani wana majina yao: kapi linalofungwa kwenye henza, ile kamba nene ya kupandishia foromali ya jahazi, huitwa gofia, na kamba nyembamba inayopita ndani yake huitwa jarari.

Kapi linaweza kutumika kwa namna mbili. Kapi tuli hufungwa mahali pamoja, kwa mfano kwenye boriti juu ya shimo. Halipunguzi kani ya kuvuta. Hubadilisha tu mwelekeo wake, ili mtu aliye juu avute kuelekea chini badala ya kuinama shimoni na kuvuta kuelekea juu. Kapi linalosogea hupanda na kushuka pamoja na mzigo. Mzigo hubebwa na vipande viwili vya kamba, kila kimoja upande wake wa kapi, na kwa sababu hiyo kila kipande hubeba karibu nusu ya uzito.

## Kazi, nguvu na ufanisi

Katika fizikia, kazi hufanyika kani inapokisogeza kitu. Hupatikana kwa kuzidisha kani kwa umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa kani hiyo:

Kazi = kani × umbali

Kani hupimwa kwa nyutoni (N), umbali kwa mita (m), na kazi kwa jouli (J). Mtu anayeshikilia kamba yenye mzigo bila kuisogeza huchoka, lakini hafanyi kazi yoyote juu ya mzigo, kwa kuwa umbali ni sifuri.

Nguvu ni kasi ya kufanya kazi. Hupatikana kwa kugawanya kazi kwa muda uliotumika, na hupimwa kwa wati (W). Wati moja ni jouli moja kwa sekunde. Katika mazungumzo ya kawaida neno nguvu hutumika pia kwa maana ya kani, lakini katika hesabu za mashine maneno haya mawili hutenganishwa. Watu wawili wanaoinua ndoo ileile kutoka kina kilekile hufanya kazi sawa juu ya ndoo, hata kama mmoja anatumia nusu dakika na mwingine dakika mbili. Tofauti yao ni ya nguvu.

Ufanisi hupatikana hivi:

Ufanisi = (kazi iliyotolewa ÷ kazi iliyoingizwa) × 100%

Kwa kuwa kazi zote mbili hufanyika katika muda uleule, jibu ni lilelile nguvu iliyotolewa ikigawanywa kwa nguvu iliyoingizwa.

Ufanisi unaweza kupatikana pia kwa njia ya uwiano mbili. Ya kwanza ni manufaa ya kimakanika, yaani mzigo ukigawanywa kwa jitihada. Ya pili ni uwiano wa mwendo, yaani umbali unaosogea jitihada ukigawanywa kwa umbali unaosogea mzigo. Manufaa ya kimakanika yakigawanywa kwa uwiano wa mwendo hutoa ufanisi. Uwiano wa mwendo hutokana na mpangilio wa kamba pekee, na haubadiliki kapi likiwa jipya au limechakaa. Manufaa ya kimakanika hupimwa kwa mizani, na ndiyo yanayoshuka kapi linapochakaa.

## Mfano: kuinua mawe kutoka kwenye duara

Vipimo vifuatavyo ni vya mfano wa hesabu. Duara lina kina cha mita 20. Mawe yanayoinuliwa kwa safari moja yana kilo 40, na ndoo pamoja na ndoano yake ina kilo 2. Kila mita ya kamba ina gramu 200. Uzito wa kilo moja umechukuliwa kuwa nyutoni 10, kama inavyofanywa shuleni. Kwa hiyo mawe yana uzito wa nyutoni 400, na kazi yenye manufaa ni:

400 N × 20 m = 8,000 J

Kiasi hiki hakibadiliki hata mpangilio wa makapi ubadilishwe namna gani. Ni bei ya chini kabisa ya kuyafikisha mawe hayo juu.

### Mpangilio wa kwanza: kapi tuli moja

Kapi limefungwa kwenye boriti juu ya mdomo wa duara. Watu wawili wanavuta kamba kuelekea chini, mkono kwa mkono, taratibu na bila kushtua. Mizani ya kuning'iniza iliyofungwa upande wa wavutaji inaonyesha kwamba wastani wa jitihada ni nyutoni 500. Kamba iliyovutwa ni mita 20, sawa na kimo cha mzigo. Kazi iliyoingizwa ni:

500 N × 20 m = 10,000 J

Ufanisi ni 8,000 ÷ 10,000, yaani asilimia 80. Jouli 2,000 hazikwenda kwenye mawe, na hesabu inaonyesha zilikokwenda.

Ndoo na ndoano zina uzito wa nyutoni 20 na zimepanda mita 20, kwa hiyo zimechukua jouli 400. Kamba iliyokuwa imening'inia shimoni ina uzito wa nyutoni 40. Sehemu yake ya juu imepanda kidogo tu na sehemu ya chini imepanda mita zote 20, kwa hiyo kwa wastani imepanda mita 10 na kuchukua jouli nyingine 400. Zilizobaki, jouli 1,200, zimechukuliwa na msuguano wa kapi.

### Mpangilio wa pili: kuongeza kapi linalosogea

Wavutaji wakiona nyutoni 500 ni nyingi, wanaweza kuongeza kapi la pili. Ncha moja ya kamba inafungwa kwenye boriti. Kamba inashuka, inapita chini ya kapi linalosogea lenye ndoo, inarudi juu, inapita kwenye kapi tuli, kisha inafika mikononi. Uwiano wa mwendo sasa ni 2, maana ili mzigo upande mita 20 ni lazima mita 40 za kamba zivutwe.

Kama ndoo, kamba na makapi visingekuwa na uzito wala msuguano, jitihada ingekuwa nyutoni 200. Kipimo halisi kinakaribia nyutoni 300. Kazi iliyoingizwa ni:

300 N × 40 m = 12,000 J

Ufanisi ni 8,000 ÷ 12,000, yaani karibu asilimia 67. Jibu hilohilo hupatikana kwa njia ya uwiano: manufaa ya kimakanika ni 400 ÷ 300, yaani 1.33, na 1.33 ikigawanywa kwa 2 ni karibu 0.67.

Mgawanyo wa kazi katika mipangilio hiyo miwili ni huu:

| Kazi ilikokwenda | Kapi tuli moja | Kapi tuli na kapi linalosogea |
|---|---|---|
| Kuinua mawe | 8,000 J | 8,000 J |
| Kuinua ndoo na ndoano | 400 J | 400 J |
| Kuinua kamba | 400 J | 800 J |
| Kuinua kapi linalosogea (kilo 3) | – | 600 J |
| Msuguano | 1,200 J | 2,200 J |
| Jumla | 10,000 J | 12,000 J |

Kapi la pili limepunguza kani ya kuvuta kwa nyutoni 200, lakini limeongeza kazi kwa jouli 2,000. Kamba iliyomo shimoni imekuwa mara mbili, kapi lenyewe limekuwa mzigo, na kamba inapinda kwenye roda mbili badala ya moja. Mpangilio wa pili ni mwepesi zaidi kwa mkono, ila unagharimu kazi zaidi kwa kila ndoo.

### Tofauti hiyo kwa siku nzima

Tuseme wavutaji wawili kwa pamoja wanaweza kutoa nguvu ya wati 200 wakati wa kuvuta. Katika mpangilio wa kwanza, jouli 10,000 zitawachukua sekunde 50. Katika mpangilio wa pili, jouli 12,000 zitawachukua sekunde 60. Nguvu yenye manufaa inayofika kwenye mawe ni wati 160 katika mpangilio wa kwanza na kama wati 133 katika wa pili. Makapi hayaongezi nguvu ya wavutaji. Hubadilisha tu kani kubwa ya umbali mfupi kuwa kani ndogo ya umbali mrefu, na kila badiliko hupunguza kidogo.

Ikiwa watu hao wana uwezo wa kufanya kazi ya jouli 600,000 kabla ya kuchoka, kapi tuli moja litawawezesha kuinua ndoo 60. Mfumo wa makapi mawili utawafikisha ndoo 50. Hata hivyo mtu asiyeweza kuvuta nyutoni 250 kwa upande wake hatainua hata ndoo moja kwa mpangilio wa kwanza, ilhali nyutoni 150 anaweza kuzimudu. Ndiyo maana makapi hutumiwa ingawa hupoteza kazi.

Hesabu hii huwahusu pia wanaochagua mota ya winchi. Kuinua mawe yaleyale kwa sekunde 20 kunahitaji nguvu yenye manufaa ya wati 400. Kwa mfumo wenye ufanisi wa asilimia 67, mota inapaswa kutoa wati 600. Anayenunua mota ya wati 450 kwa kuangalia uzito wa mawe pekee ataiona ikipunguza mwendo, ikipata joto kupita kiasi na hatimaye kuungua.

## Kwa nini ufanisi huwa chini ya asilimia 100

Hasara za mfumo wa makapi ni za aina mbili, na kila moja ina sababu yake.

Aina ya kwanza ni kuinua sehemu za mashine yenyewe. Hasara hii inaweza kupunguzwa sana. Njia ya zamani migodini ni kutumia ndoo mbili kwenye kamba moja: moja ikipanda imejaa, nyingine inashuka tupu. Uzito wa ndoo moja husawazisha uzito wa nyingine, na kazi ya kuinua ndoo hufutika. Kamba nayo husawazika kwa safari nzima, kwa kuwa kipande kinachopanda upande mmoja hulingana na kinachoshuka upande wa pili.

Aina ya pili ni msuguano, nao hauwezi kufutwa. Hutokea mahali pawili. Kwanza, ekseli na tundu la roda husuguana huku vikiwa vimebanwa na jumla ya mvuto wa kamba pande zote mbili. Katika mpangilio wa kwanza jumla hiyo inapita nyutoni 900, karibu mara mbili ya uzito wa ndoo iliyojaa. Pili, kamba haipindi bure. Nyuzi zake huteleza zenyewe kwa zenyewe zinapopindwa kuingia kwenye roda, kisha huteleza tena zinaponyooshwa kutoka. Kamba nene kwenye roda ndogo hupoteza zaidi kuliko kamba nyembamba kwenye roda kubwa.

Roda kubwa husaidia kwa sababu nyingine pia. Msuguano wa ekseli hufanya kazi kwenye nusu kipenyo kidogo cha ekseli, ilhali kamba huvuta kwenye nusu kipenyo kikubwa cha roda. Roda ikiwa kubwa na ekseli nyembamba, msuguano uleule hushindwa kwa kani ndogo zaidi ya kamba. Grisi na beringi za gololi hupunguza msuguano wenyewe.

Hatua zote hizo hukisogeza kiwango karibu na 100 bila kukifikisha. Sheria ya hifadhi ya nishati inasema kwamba kazi iliyoingizwa ni sawa na kazi yenye manufaa ukijumlisha hasara. Ili ufanisi uwe asilimia 100, hasara lazima ziwe sifuri. Ili upite 100, hasara lazima ziwe chini ya sifuri, yaani msuguano uwasaidie wavutaji. Lakini msuguano siku zote huelekea kinyume cha mwendo. Roda ikizunguka kulia, msuguano huipinga kwa kushoto; ikizunguka kushoto, huipinga kwa kulia. Huchukua sehemu yake mzigo ukipanda, na huchukua tena ukishuka.

Kazi iliyochukuliwa na msuguano haijapotea ulimwenguni. Imekuwa joto kwenye ekseli, kwenye kamba na hewani. Joto hilo limetawanyika, na halijikusanyi lenyewe tena kuigeuza roda na kuinua ndoo. Kwa hiyo nishati imehifadhiwa, lakini sehemu yake haiwezi tena kutumika kwa kazi iliyokusudiwa.

## Ufanisi hubadilika kufuata mzigo

Ufanisi si namba moja inayobandikwa kwenye kapi daima. Katika mpangilio wa pili, tuseme ndoo imewekwa kilo 10 tu za mawe badala ya 40. Kazi yenye manufaa inakuwa jouli 2,000. Ndoo, kamba na kapi linalosogea bado vinadai jouli 1,800 zilezile. Pamoja na msuguano, ambao umepungua kwa sababu mvuto wa kamba umepungua, wavutaji wanaingiza karibu jouli 4,600. Ufanisi unashuka hadi karibu asilimia 43.

Mzigo ukiongezwa, ufanisi hupanda, kwa kuwa uzito wa ndoo na kapi unakuwa sehemu ndogo ya jumla. Lakini haupandi bila kikomo. Msuguano nao huongezeka kulingana na mzigo. Kwa makapi ya mfano huu, ambayo kila roda hudai nyongeza ya karibu asilimia 14 ya kani, kikomo ni kama asilimia 83 hata kama mzigo ungekuwa mkubwa kiasi gani. Kabla ya kukikaribia, kamba au boriti ingekuwa imekwisha kuvunjika.

## Kupima ufanisi na makosa yanayotokea

Kipimo kinahitaji mizani ya kuning'iniza, utepe wa kupimia na mzigo unaojulikana uzito wake. Mizani hufungwa kwenye kamba upande wa anayevuta. Mzigo huinuliwa polepole kwa mwendo usiobadilika, na mizani husomwa ukiwa katika mwendo. Mizani ikiandika kilo, namba huzidishwa kwa 10 ili kupata nyutoni. Alama huwekwa kwenye kamba na kwenye mzigo ili kupima umbali uliosogea kila upande.

Mwanafunzi akipata ufanisi wa asilimia 100 au zaidi, kosa limo katika kipimo. Kosa la kawaida ni kusoma mizani wakati mzigo umesimama au unashuka. Mzigo unaposhuka, msuguano humsaidia anayeushikilia, kwa hiyo mizani huonyesha kani ndogo. Katika mpangilio wa pili, kani ya kushusha taratibu mzigo wa kilo 40 ni karibu nyutoni 200. Anayeichukua namba hiyo kama jitihada ya kuinua atapata 400 ÷ 200 = 2, na kwa uwiano wa mwendo wa 2 atatangaza ufanisi wa asilimia 100. Kipimo sahihi ni cha kupandisha, ambacho ni nyutoni 300.

Kosa jingine ni kuvuta kwa kushtua. Kamba ikishtuliwa, sehemu ya kani hutumika kuuongezea mzigo mwendo, na mizani huruka juu na chini kiasi kwamba namba haisomeki vizuri.

Tofauti kati ya kani ya kupandisha na kani ya kushusha ni kipimo kizuri cha hali ya kapi. Makapi yanapochakaa, namba hizo mbili huachana zaidi, hata kama mzigo ni uleule.

## Ufanisi na usalama

Ufanisi wa juu si faida kwa kila upande. Katika mpangilio wa kwanza, msuguano wa kapi ni kama nyutoni 60, na ndoo iliyojaa huvuta kwa zaidi ya nyutoni 400. Wavutaji wakiiachia kamba, msuguano huo hauwezi kuizuia ndoo, nayo itaanguka hadi chini walipo wachimbaji. Kapi zuri lililopakwa grisi huiangusha kwa kasi zaidi kuliko kapi bovu.

Kwa makadirio, mashine ambayo msuguano wake unachukua kazi sawa na ile ya mzigo au zaidi, yaani yenye ufanisi wa asilimia 50 au chini yake kwa sababu ya msuguano, haiwezi kurudishwa nyuma na mzigo. Winchi za mnyororo za aina ya makapi mawili ya vipenyo tofauti, zinazotumika katika baadhi ya gereji kuinulia injini, hujishikilia kwa njia hiyo: fundi akiachia mnyororo, injini hubaki ikining'inia. Hujishikilia kwa sababu hupoteza zaidi ya nusu ya kazi. Mfumo wenye ufanisi mkubwa unahitaji kizuizi cha pekee, kama breki au gurudumu la meno lenye kipingo, na hakuna mtu anayepaswa kusimama chini ya mzigo.

Kushuka kwa ufanisi nako ni dalili ya hatari. Kapi linalolia, ekseli yenye joto, unga wa nyuzi chini ya kapi, au mfereji wa roda uliolika upande mmoja huonyesha kwamba msuguano umeongezeka. Hali mbaya zaidi ni roda kuganda kwa vumbi na kutu, kamba ikateleza juu yake bila roda kuzunguka. Kamba iliyoizunguka roda iliyoganda kwa nusu duara, ikiwa mgawo wa msuguano ni 0.3, huhitaji kani ya karibu mara 2.6 ya ile iliyo upande wa mzigo. Ndoo iliyohitaji nyutoni 500 sasa inadai zaidi ya nyutoni 1,100. Boriti, inayobeba mvuto wa pande zote mbili za kamba, hupanda kutoka nyutoni 940 hadi zaidi ya 1,500, ingawa mawe hayajaongezeka hata kilo moja. Wakati huohuo kazi yote ya ziada hugeuka joto mahali pamoja, na kamba ya plastiki inaweza kulainika na kukatika.

Kwa sababu hiyo, wavutaji wakiona ndoo ileile imekuwa nzito kuliko jana, jambo la kwanza la kukagua ni roda, ekseli na kamba. Kuongeza mtu wa tatu kwenye kamba huinua ndoo, lakini huacha chanzo cha tatizo palepale na kuongeza mzigo juu ya boriti.

## Tazama pia

* Mashine rahisi
* Msuguano
* Nishati
* Nyenzo
* Wati